Miguu Mipya ya Shangazi

Kaka yangu si bubu, ila watu wengi hukaa naye wiki nzima kabla ya kuwa na hakika. Karakanani walimwita Neno Moja. Ukimuuliza spana iko wapi, atakujibu, "Juu." Juu ya nini, hilo utatafuta mwenyewe. Siku aliyoniletea habari kwamba anaoa, alisimama mlangoni kwangu na viatu vyake vya kazi, akasema, "Naoa," akanywa maji, akaenda zake. Kwamba bibi harusi ni yule mwenzangu wa ofisini tunayepakana naye ukuta kwa ukuta, nilikuja kulisikia kwa jirani.

Sote watatu tulikuwa kwenye kampuni moja, kampuni ndogo ya roketi iliyokuwa ikipeleka setilaiti za watu angani kwa mkataba. Roketi ina vipande viwili. Kipande cha chini ndicho kinachonyanyua mzigo: kina injini kubwa, kinasukuma kwa dakika chache za mwanzo, halafu kinaachana na kipande cha juu ambacho huendelea na safari. Zamani kipande cha chini kilikuwa kikishamaliza kazi yake kinaanguka na kuharibika, na habari yake imekwisha. Chetu kilikuwa kinarudi. Kilikuwa kinageuka huko juu, kinapiga breki kwa moto wa injini zake, kinashuka na kusimama wima kwenye sakafu ya zege, kinasafishwa na kutumwa tena.

Kaka alikuwa mkuu wa karakana ya miguu, ile minne ambayo kipande hicho hufungua kinapotua. Wifi alikuwa idara ya uongozaji, yaani yeye na wenzake ndio walioandika maagizo ambayo kompyuta ya chombo huyafuata kujigeuza, kupiga breki na kusimama. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa chumba cha udhibiti na kusoma kwa sauti urefu na kasi, ili walioshughulika na mengine wasikie bila kuinua macho. Mama huwaambia majirani kwamba mimi ndiye ninayekishusha, nami sijaona sababu ya kumsahihisha.

Vipande vya chini tulikuwa navyo viwili. Kile kipya tulikiita Mpwa. Kile kikongwe kilikuwa Shangazi, kwa sababu kila aliporudi kutoka safari alirudi na masizi mwili mzima, amechoka, na lazima apatikane mtu wa kulaumiwa.

Sasa, kitu ambacho uongozi wa kampuni haukukijua mpaka mambo yalipoharibika ni kwamba sehemu kubwa ya usalama wa ile roketi ilikuwa ikitegemea sinki la jikoni kwa kaka yangu. Kila jioni wale wawili walikuwa wanaosha vyombo pamoja, yeye anaosha, mkewe anakausha, na hapo ndipo Wifi alipokuwa akimvuta maneno moja moja kama mtu anayetoa miiba. Nimekula kwao mara nyingi, nimewasikia. Kuna jioni kaka alitamka, "Gesi," akaendelea kusugua sufuria. Mke mwingine angemwonyesha jiko. Huyu aliuliza gesi ipi, ya wapi, imefanyaje, mpaka ikajulikana kwamba ile mitungi inayosukuma miguu ifunguke ilikuwa imebadilishwa, na mipya ilijazwa kwa nguvu pungufu kidogo. Maana yake miguu ingefunguka taratibu zaidi. Kesho yake asubuhi Wifi akaenda kurekebisha, ili amri ya kufungua itolewe mapema. Ofisini watu wakamsifu kwa umakini. Hakuna aliyelisifu sinki.

Jikoni hapohapo ndipo Mama, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, alipouliza kwa nini hilo dude lisishuke polepole kama helikopta. Wifi akaweka kitambaa chini akamweleza kwa heshima zote.

"Mama, likirudi matangi yake yanakuwa karibu matupu, kwa hiyo ni jepesi. Injini moja tu, hata ukipunguza moto hadi mwisho wake, bado ina nguvu kuliko uzito wa chombo. Haliwezi kuning'inia. Ukiwasha mapema mno, litasimama hewani halafu lianze kupanda tena. Ukichelewa, linagonga. Lazima kasi iishe palepale ardhi inapofika."

"Kwa hiyo ni mara moja tu," Mama akasema.

"Mara moja tu, Mama."

Mama akamtazama mwanawe aliyekuwa anasuuza bakuli kama hayumo, akaniambia pembeni kwamba huyu msichana ametuokoa. Nilikubaliana naye. Nampenda kaka yangu, lakini mtu wa kukaa naye nyumba moja na kumfasiri anastahili nishani.

Halafu Wifi akapata kazi mahali pengine. Kampuni kubwa, nchi ya mbali, roketi kubwa kuliko zetu, kazi ambayo alikuwa akiiota tangu akiwa mwanafunzi. Alimweleza mumewe pale pale sinkini, kwa jinsi alivyonisimulia baadaye. Alitaka kusikia mume anasemaje, maana wao ni wawili, nyumba ni moja, na Mama hakuwa kijana tena. Kaka akafikiri. Akasuuza sahani. Akasema, "Nenda."

Wifi akasubiri neno la pili. Akakausha sahani ile, akakausha na nyingine, akakausha vijiko vyote, na neno la pili halikuja. Usiku ule alihamia kwa dada yake.

"Nimemuuliza habari ya maisha yetu, wifi," aliniambia, "akanijibu kama anafukuza kuku."

Niliudhika kwa niaba yake. Nikaenda karakanani kumkabili kaka, nikamkuta chini ya mguu wa roketi anakaza nati, nikamwuliza kama ana akili timamu. Aliendelea kukaza. Nilipotaka kuondoka ndipo akasema, "Nitamwambia." Lini? "Akitua."

Aliyekuwa anatakiwa kutua ni Shangazi. Nilimwelewa, kwa sababu wale wawili walikuwa na kawaida yao. Roketi ikishasimama, mafuta yaliyobaki yakitolewa na gesi ikiachiliwa, watu wa miguu ndio wa kwanza kuruhusiwa kuisogelea kwenda kuikagua na kuiwekea jeki. Wifi alikuwa akienda pamoja naye kila mara, ingawa haikuwa kazi yake. Walisimama chini ya lile dude linalonuka moshi, kaka anaonyesha kwa kiatu umbali kutoka alama ya katikati hadi ilipotua, mkewe anautaja. Ndipo walipozoeana, kabla hata ya kuoana. Kaka alikuwa ameamua kwamba maneno ambayo hakuyaweza jikoni atayaweza pale. Wifi naye alikuwa ameshatoa taarifa ya kuacha kazi, ataondoka baada ya safari ile. Kwa hiyo ndoa ya kaka yangu ilibaki inategemea Shangazi asimame wima.

Na hapa ndipo inapoingia habari ya miguu.

Kila Shangazi alipotua, kulikuwa na kitu kimoja lazima kibadilishwe. Mwisho wa kila mguu kuna wayo, na ndani ya wayo kuna sega la alumini, kama sega la nyuki, ambalo kazi yake ni kupondeka na kumeza kishindo. Likishapondeka halifai tena. Watu wa karakana wanatoa nyayo za zamani wanafunga mpya, na tangu siku ya kwanza kazi hiyo iliitwa "kubadilisha miguu." Nani angesema vingine? Aliyeumia kidole cha mguu anasema ameumia mguu, na aliyevunjika paja anasema hivyohivyo. Lugha yetu haijawahi kuona shida.

Sasa miezi kadhaa nyuma ilikuwa imeagizwa miguu mirefu zaidi. Midomo ya injini ilikuwa inakaa karibu mno na zege wakati wa kutua, moto unadunda na kurudi juu na kuunguza nyaya. Miguu hiyo ilizidi ya zamani kwa urefu wa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Kila mtu alijua inakuja, Wifi akiwemo, na kila mtu alijua ni ya Mpwa. Ila Mpwa akapata hitilafu ya injini, akalazwa. Wakubwa wakaona miguu isikae bure, ifungwe kwa Shangazi. Kaka na watu wake wakaifunga. Wakaijaribu vizuri kabisa, Shangazi akiwa amelazwa kwenye magari yake ya kubebea, mguu mmoja baada ya mwingine unafunguliwa huku kamba ya winchi ikibeba uzito wake. Lakini hakuna aliyemwona amesimama juu yake, na haikuwezekana, kwa sababu wakati wa kuruka miguu inakuwa imekunjwa ubavuni na chombo kinashikiliwa na jukwaa. Miguu hufunguka sekunde chache tu kabla ya ardhi.

Habari zikapanda ghorofani kwa uongozaji: Shangazi amepata miguu mipya. Karatasi nazo zilisema miguu mipya. Ndivyo zilivyosema kila safari.

Kwa nini urefu wa miguu uwahusu waongozaji? Kwa sababu tumboni kwa Shangazi, chini kabisa, kulikuwa na rada iliyopima umbali hadi kwenye zege. Rada haijui nyayo ziko wapi. Kompyuta ndiyo inayotoa kwenye kipimo hicho urefu wa miguu, ili ijue nyayo zimebakiza kiasi gani. Kama miguu imerefuka na namba ni ile ya zamani, chombo kitadhani bado kina nafasi ya urefu wa mkono, wakati hakina hata ya karatasi.

Kwenye kikao cha mwisho kabla ya safari, mkuu wa safari alizunguka meza akiuliza idara moja moja. Alipofika kwa kaka akauliza, "Miguu?"

"Mipya. Tayari."

Nilikuwa nimekaa katikati yao. Niliona kalamu ya Wifi imesimama. Siku nyingine yoyote angeuliza, mbele ya wakubwa wote, mipya kivipi, na watu wangecheka, na kaka angejibu neno la pili na la tatu. Siku hiyo alimtazama mumewe, mumewe akatazama meza, naye akayashusha macho kwenye karatasi zake. Alikuwa ameshachoka kumvuta maneno mtu yule, na sidhani kama yupo wa kumlaumu. Zamu yake ilipofika akasema, "Uongozaji tayari."

Siku ya safari kulipambazuka vizuri, anga jeupe, upepo mdogo. Shangazi akapanda bila kelele zake za kawaida. Vipande vikaachana. Vijeti vya gesi vikampiga ubavuni kidogo kidogo mpaka akageuka, injini tatu zikawaka kumrudisha upande wa nyumbani, zikazima. Nikasoma. Mapezi yake ya chuma, yale yenye matundu kama wavu wa dirisha, yakafunguka kule juu. Alipokaribia hewa nzito injini tatu zikawaka tena, maana bila hiyo breki ya kwanza angeingia kwenye hewa kwa kasi ya kumchoma na kumvunja. Zikazima. Kuanzia hapo mapezi ndiyo yaliyomwongoza, yakipinda huku na huku, yakimrudisha kwenye mstari kila upepo ulipomsukuma. Chumbani sisi ni watazamaji tu. Hakuna usukani, hakuna mtu wa kushika chochote. Mtu alishafanya kazi yake wiki nyingi nyuma, akiandika.

Injini ya katikati ikawaka. Nikaanza kusoma mita. Hapo kompyuta inapiga hesabu upya kila sehemu ndogo ya sekunde, ikiongeza na kupunguza moto ili kasi na urefu viishe pamoja. Niliona namba zinashuka bega kwa bega, safi kabisa, kazi ya mikono ya wifi yangu, nikajisikia fahari. Miguu ikafunguka yote minne. Nilipotazama upande wake alikuwa amesimama, na mfuko wake wa kwenda kiwanjani umeshakuwa begani. Kumbe na yeye alikuwa anataka kwenda.

Nikasoma, "Amegusa," lakini kwenye skrini kasi ilikuwa haijaisha.

Ilikuwa kasi ya mtu anayekimbia, si zaidi. Kwa mtu si kitu. Kwa mnara wa chuma unaotua juu ya miguu minne ni kitu. Masega ya alumini yakapondeka yote yakaisha, na bado kishindo kilibaki, na kikavunja mhimili wa mguu mmoja. Injini ilikuwa imeshazima. Shangazi akasimama wima kwa muda kama mtu anayefikiri, halafu akaanza kuinama upande ule, polepole, kama mlevi anayetafuta ukuta. Ukuta haukuwepo. Mafuta yaliyobaki yakashika moto, na kile kiwanja kikapotea kwenye picha.

Hakuna aliyeumia, watu wote walikuwa mbali. Nalisema hilo kwanza kwa sababu ndilo nililoambiwa nilitangaze kwanza.

Wifi hakulia. Alikaa, akavuta grafu za mwisho, akaziangalia, na haikumchukua muda. Nyayo zilikuwa chini, na kompyuta ilikuwa bado inapiga breki kwa ajili ya nafasi ambayo haikuwepo. Alitoka kwenda kwenye korido, nami nikamfuata. Kaka alikuwa anakuja mbio kutoka karakanani, glavu bado mkononi. Wakakutana pale mlangoni, mara ya kwanza tangu jikoni kusimama karibu hivyo.

"Ilikuwa ile mirefu?" Wifi akauliza.

"Ndiyo."

"Mimi nilijua?"

"Nilisema mipya," kaka akasema.

"Kila mara ni mipya," Wifi akamwambia. Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha.

Tume ikaundwa, ikakaa, ikauliza watu, na ikaandika kwamba hakuna mtu wa kulaumiwa, bali utaratibu wa mawasiliano ulikuwa dhaifu. Ni kweli, na ni maneno mazuri ya kutundika ukutani. Hayakumsaidia kaka yangu hata kidogo. Haikuandikwa mahali popote kwamba mwaka mzima kabla ya hapo ule utaratibu dhaifu ulikuwa unashikiliwa na watu wawili na rundo la vyombo vichafu.

Wifi akaondoka. Kaka hakwenda kumsindikiza. Nilimfuata nyumbani, nikamkuta amekaa, amevaa vizuri, viatu vimefungwa kamba, hajatoka. Nilimshambulia. Nilimwuliza kwani lazima amwambie mtu chini ya roketi, mahali pengine pote duniani hapafai? Akaniambia, "Nikimwambia sasa atadhani naomba msamaha wa Shangazi." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizopata kuzisikia kinywani mwake, na nilitamani kumpiga kwa sababu haikuwa ya kijinga.

Baada ya hapo kampuni ilitunga maneno. Neno "mguu" peke yake likapigwa marufuku kazini. Kuna wayo, kuna goti, kuna mhimili, kuna mguu mzima, na yeyote anayetaja kimojawapo lazima aseme kama urefu umebadilika au la. Wapo walionung'unika. Kaka alijifunza kama mtu anayejifunza kuswali. Ukipita karakanani ungemsikia: "Wayo wa mguu wa pili umebadilishwa. Mguu mzima ni uleule. Urefu kutoka kwenye rada hadi chini haujabadilika." Vijana wapya hawakuwahi kumjua Neno Moja. Wao walimwita Mhubiri, na walipoambiwa zamani alikuwa haongei walidhani wanataniwa.

Mimi nilifurahi kwa ajili yake, na nilisikitika zaidi kuliko nilivyofurahi. Yule mwanamke alivumilia ukimya wake miaka yote, halafu sisi, wenye nati na rada, ndio tuliokuja kuyala matunda.

Siku moja nilimwuliza alichomaanisha siku ile sinkini. Tulikuwa peke yetu, tunasubiri mvua ipungue. Alinijibu taratibu, kwa ule mtindo wake mpya, hakuacha kitu. "Nilimaanisha: nenda, wewe tangulia, mimi nitamhamishia Mama kwa dada yangu, nifunge nyumba, nije nyuma yako. Karakana za miguu ziko kila mahali."

Nilimwambia nitampigia Wifi jioni hiyohiyo nimweleze. Akakataa. Alisema akilisikia kutoka kwangu, atajua kwamba kaka mwenyewe ameshindwa. Nikamwachia. Nilimkosea au sikumkosea, sijui. Ndugu akikuomba hivyo ukimtazama usoni, unamwachia.

Ikaja zamu ya Mpwa. Injini yake ilipona, akafungiwa miguu mirefu ya kwake, na safari hii nadhani hata wafagiaji wa kampuni walikuwa wanaujua urefu wake. Maagizo ya kutua yalikuwa yaleyale aliyoyaandika Wifi, hawakupata mtu wa kuandika mengine bora. Walibadilisha ile namba tu. Mpwa akageuka, akapiga breki zake, mapezi yakamleta, injini ya katikati ikawaka. Nilisoma mita huku mkono umeshika ukingo wa meza. Kasi na urefu vikaisha pamoja. Nikasoma, "Amegusa. Amesimama. Injini imezimwa," na watu wazima wakakumbatiana.

Mafuta yalipotolewa na ruhusa ikaja, kaka akanipitia chumbani akaniambia nifuatane naye. Sikuwahi kwenda. Kazi yangu ni namba. Lakini alinitazama kwa namna ambayo nilichukua kofia bila kuuliza.

Chini ya Mpwa kulikuwa na joto bado, na harufu ya masizi, na chuma kilichokuwa kinapoa kinatoa sauti ndogo ndogo. Kaka akakagua wayo wa kwanza. Akasimama kwenye alama ya katikati, akanyoosha kiatu kuonyesha umbali, akageuka upande wake wa kushoto. Hakukuwa na mtu upande ule. Mimi nilikuwa kulia, na nisingejua kuutaja ule umbali kwa macho.

Ndipo akatoa simu. Glavu zilikuwa nene, kwa hiyo aliiweka kwenye kipaza sauti akaishika mbele yake kama sahani. Iliita muda mrefu. Wifi akapokea, na sauti yake ilikuwa ileile, na nilitamani kumsalimia, lakini nikafunga mdomo.

"Mpwa ametua," kaka akasema. "Nyayo zote nne zimepondeka sawasawa. Miguu mizima haina ufa. Amesimama hatua mbili kutoka katikati. Maagizo ni yako."

Upande wa pili nilisikia kama anacheka, au kama anafuta uso. "Siku hizi unaongea," akasema.

"Nimejifunza."

"Nimefurahi. Kweli nimefurahi." Akangoja. Namfahamu wifi yangu, na namfahamu anavyongoja. Ndivyo alivyokuwa akingoja huku ameshika kitambaa. Alimpa muda wa kutosha. Kaka alikuwa amefungua mdomo, na nilijua anayo yote, amenihubiria mimi yote wakati wa mvua, kuanzia kutangulia hadi kufunga nyumba. Hakuna kilichotoka.

Mwishowe Wifi akauliza, kwa upole sana, "Huna lingine?"

"Ndiyo," kaka akasema.

"Haya," Wifi akasema. "Hongereni. Msalimie Mama." Akakata.

Kaka aliendelea kuishika ile simu kama sahani. Akanitazama, na uso wake ulikuwa umevunjika.

"Nilimaanisha ninalo," akasema.

Nilimwambia apige tena, palepale, kabla Wifi hajaiweka simu mezani huko aliko. Nilimsihi. Nilitaka kuichukua nipige mwenyewe. Akatikisa kichwa, akaitia mfukoni, akavaa vizuri glavu yake. Halafu akachuchumaa kwenye wayo wa pili, akaukagua pande zote, na alipomaliza akanitajia hali yake na urefu wake kwa sentensi nzima.